Kuweka Kiarabu kwenye picha ya grafu bila kugusa namba: grafu ya maji ya Ziwa Victoria toka Mwanza mpaka Cairo

Wakuu, naandika hii nikiwa na kazi yenyewe bado mezani, maana nimeifanya mara mbili, mara ya kwanza nikaharibu, na ningependa mtu mwingine asirudie palepale nilipoteleza mimi.

Kazi ilikuja hivi. Kaka mmoja hapa Mwanza anayejishughulisha na mambo ya ziwa alipiga picha grafu iliyobandikwa ukutani kwenye chumba cha mkutano, bango la karatasi kubwa lililofunikwa nailoni. Grafu ya maji ya Ziwa Victoria kwa kipimo cha Jinja, miaka 1960 mpaka 2020. Akanitumia kwa simu akasema, "Kaka, kuna injinia Mmisri nataka aione hii leo hii, ila Kiswahili hajui, niwekee Kiarabu pale kwenye maandishi tu, namba usiziguse." Wamisri na maji ya Jinja ni habari ya siku nyingi, bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954 Misri walichangia gharama zake, kwa hiyo huyo injinia alikuwa anajua vizuri anachokwenda kukitazama, na mtu wa namna hiyo ukimkosea kidogo tu anaona.

Grafu yenyewe iko hivi, ukiielewa hii utafuata vizuri huko mbele. Mstari wa kusimama kushoto una namba 10, 11, 12, 13, 14 na pembeni yake maandishi yaliyolazwa "Kina cha maji (m)". Mstari wa chini una 1960, 1970 mpaka 2020 na neno "Mwaka". Ndani kuna mstari wa bluu na vidoti vyekundu. Chini kabisa kuna ufunguo, vitu viwili kwenye mstari mmoja, kwanza kimstari cha bluu na "Wastani wa mwezi", halafu kidoti chekundu na "Kilele cha mwaka". Chini yake maelezo: "Mchoro 3. Kina cha maji Ziwa Victoria, kipimo cha Jinja, 1960-2020. Kilele cha kushoto ni Mei 1964 (13.41), cha kulia ni Mei 2020 (13.42)." Mwisho mstari mdogo: "Chanzo cha takwimu" na jina la ofisi.

Hivyo vilele viwili angalia tofauti yake, 13.41 na 13.42, sentimita moja tu. Stori nzima ya grafu hii iko kwenye tarakimu ya mwisho, yaani rekodi ya 1964 iliyodumu zaidi ya nusu karne ilivunjwa 2020 kwa sentimita moja. Ndio maana namba hazitakiwi kuguswa kabisa.

Kwanza nyoosha picha

Usianze kuandika chochote kabla picha haijanyooka. Bango la ukutani ukilipiga ukiwa umesimama pembeni, upande mmoja unakuwa mkubwa mwingine mdogo, na maandishi ya Kiarabu utakayoweka juu yatakuwa yamenyooka wakati mistari ya grafu imeinama, inaonekana kama kitu kimebandikwa kwa gundi. Kama unaweza kurudi kupiga upya rudi, simama katikati ya bango, zima flashi maana nailoni itarudisha mwanga na kufuta namba mbili tatu. Kama huwezi, ile sehemu ya kuskani kwenye Google Drive inavuta kona nne na kunyoosha vizuri tu. Halafu tunza picha ya kwanza ilivyo pembeni, utaihitaji mwishoni.

Ukishanyoosha vuta picha karibu usome kila namba kwa macho uiandike kwenye daftari. Mimi niliandika zote: 10 mpaka 14, miaka saba ya chini, na zile za kwenye maelezo. Kuna 3 moja ilikuwa na mng'ao wa dirisha ikionekana kama 8, nikamuuliza kaka aende akaangalie ukutani. Namba usiyoiona vizuri usiikisie, uliza.

Halafu tafsiri kwenye karatasi, usitafsirie juu ya picha

Hapa watu wa Kiswahili tunajiamini sana kwa sababu maneno yetu mengi ya kitaalamu tumeyatoa Kiarabu, na hapo hapo ndio mtego. Chukua neno takwimu. Kwa Kiarabu تقويم mtu anaelewa kalenda, au kutathmini kitu. Ukiandika "chanzo cha takwimu" kwa kulirudisha neno kwao, Mmisri atadhani umemuandikia chanzo cha kalenda. Sema بيانات, ndio data. Wastani nayo vilevile, tumeichukua kwao ila wao kwenye grafu wanaandika المتوسط.

Neno lililonisumbua zaidi ni "kina". Redioni na magazetini kila mtu anasema kina cha maji ya ziwa kimeongezeka, tumezoea, lakini kina kwa Kiarabu ni عمق, na عمق ni toka juu ya maji mpaka chini kwenye tope. Sasa Ziwa Victoria pale lilipo na kina kirefu ni kama mita 80, hii 13 ni ya nini? Hii 13 ni usomaji wa rula ya maji pale Jinja, yaani uso wa maji umefika wapi kwenye kile kipimo. Kiarabu cha watu wa mito na mabwawa wanaita منسوب. Hilo ndilo neno lao la kazi, ukiliandika injinia anajua mara moja uko kwenye mambo yake.

Na usimwongezee kitu. Nilishawishika kuandika "juu ya usawa wa bahari" maana nilidhani nasaidia. Uso wa ziwa uko karibu mita 1,134 toka usawa wa bahari, kwa hiyo 13 hapo ingekuwa uongo mtupu. Bango halikusema usawa wa bahari, na wewe usiseme.

"Kipimo" cha Jinja niliandika مقياس. Hili neno kwa Mmisri lina uzito wake, pale Cairo kwenye kisiwa cha Roda kuna مقياس النيل, nguzo ya mawe ya kupimia maji ya mto Nile iliyojengwa mwaka 861, ipo mpaka leo. Kwa hiyo ukimwambia مقياس جينجا anaona picha kamili kichwani.

Mei ni مايو kwa Misri na Sudan. Kama msomaji wako angekuwa wa Syria au Iraki ungeandika أيار. Uliza kwanza grafu inaenda kwa nani.

Kitu kidogo chenye madhara ni ile "m" kwenye mabano. Kiarabu kina kifupi chake م, ila hiyo م hiyo hiyo huwa inawekwa baada ya mwaka kuonyesha ni mwaka wa miladi, kama 2020م. Kwenye grafu yenye miaka chini na mita pembeni, م ni kutafuta ugomvi. Andika neno zima متر, nafasi ipo.

Orodha yangu ikatoka hivi:

```
المنسوب (متر)
السنة
المتوسط الشهري
أعلى منسوب في السنة
مصدر البيانات
```

Amua mwelekeo kabla hujafungua kompyuta

Swali ambalo kila mtu ananiuliza ni hili, Waarabu wanasoma toka kulia, je grafu nigeuze? Jibu kwa picha ni hapana, usigeuze. Kuna mtu atakuambia bonyeza ile ya kugeuza kama kioo halafu uandike upya. Ukifanya hivyo namba zote zinakuwa kinyume, inabidi uzifute uziandike upya moja moja, na umeambiwa usiziguse. Kibaya zaidi mstari wenyewe unabadilika maana. Ziwa lilipanda kwa kasi toka mwishoni mwa 1961 mpaka 1964, zaidi ya mita mbili, halafu likashuka taratibu kwa miaka mingi. Ukigeuza picha, kwa jicho lililozoea grafu za kawaida inaonekana lilipanda taratibu halafu likaanguka ghafla. Injinia wa Misri amesoma grafu nyingi zenye muda unaotoka kushoto kwenda kulia, hana shida nayo.

Kwa hiyo mchoro unabaki, namba zinabaki, kinachofuata mwelekeo wa Kiarabu ni maandishi peke yake na vile vitu vinavyosomwa pamoja na maandishi. Hivyo vitu ni vichache, ila ufunguo ndio mkubwa wao na nitaurudia chini.

Na kwa sababu mchoro haujageuka, kushoto inabaki kushoto. Kwenye maelezo yetu kuna "kilele cha kushoto", basi ni القمة اليسرى. Nimeshaona mtu akibadilisha kushoto kuwa kulia kwa sababu tu "Kiarabu ni kinyume". Kidole cha msomaji kinaenda kwenye picha, na kwenye picha 1964 iko kushoto kwake kama ilivyo kushoto kwako.

Sasa funika na andika

Mimi natumia PowerPoint kwa sababu kila duka la stesheneri huku mjini lina kompyuta yenye hiyo kitu, na Kiarabu inakiunga vizuri. Weka picha ijaze slaidi. Chora kiboksi juu ya neno la Kiswahili, ondoa mstari wa pembeni, halafu rangi yake chukua kwenye karatasi yenyewe kwa Shape Fill kisha Eyedropper, gusa pembeni kidogo ya neno. Usiweke nyeupe ya kawaida, karatasi iliyopigwa picha haiwi nyeupe, inakuwa ya maziwa au kijivu, na kiboksi cheupe kitang'aa kama plasta. Kona ya dirishani rangi yake ni tofauti na kona ya mlangoni, kwa hiyo kila kiboksi chukua rangi ya jirani yake.

Kiboksi kifunike maneno tu. Angalia kisimeze 10 ya chini au 14 ya juu, maana "Kina cha maji" pale pembeni imekaa karibu kabisa na namba.

Kisha weka kiboksi cha maandishi, na kabla ya kuandika geuza mwelekeo wa aya uwe wa kulia kwenda kushoto, kuna kitufe chenye alama ya aya na mshale, kinatokea ukishaongeza Kiarabu kwenye lugha za kompyuta. Kupeleka maandishi upande wa kulia tu haitoshi, hayo ni mambo mawili tofauti. Utajuaje umesahau? Angalia nukta ya mwisho wa sentensi. Ikiwa imekaa upande wa kulia, yaani pale sentensi inapoanzia, basi kiboksi bado kinafikiri ni Kiswahili.

Ukitumia LibreOffice, nenda Tools kisha Options, tafuta sehemu ya lugha uweke tiki kwenye Complex text layout, hapo ndio vitufe vya mwelekeo vinatokea.

Fonti nilitumia Noto Sans Arabic, haina mbwembwe na inasomeka hata ikiwa ndogo. Herufi za Kiarabu zina nukta na tumbo chini ya mstari, kwa saizi ileile ya Kiswahili zinaonekana ndogo, kwa hiyo panda saizi mbili tatu.

Kuna programu za kuhariri picha, hasa za simu na za zamani, ambazo haziungi herufi. Dalili yake haikwepeki: kila herufi inasimama peke yake na neno zima limeanzia kushoto. Mtu asiyejua Kiarabu anaona ni Kiarabu tu, Mwarabu haoni neno hapo. Linganisha, la juu ni sahihi, la chini ndio zile herufi zilizoachana:

```
منسوب
م ن س و ب
```

Ukiona hivyo achana na hiyo programu, usianze kuziunga kwa mkono.

Maandishi ya mstari wa kusimama nayo yana jambo lake. Kiswahili kikilazwa pembeni kinasomwa toka chini kwenda juu. Kiarabu ukikizungusha upande uleule kinaanza juu kinashuka chini, kwa sababu mwanzo wake ndio ule mwisho wa kulia uliopanda juu. Si kosa, vitabu vingi viko hivyo. Ila kwa picha iliyopigwa na simu, maandishi madogo ya kulala yanasomeka kwa shida, na المنسوب (متر) ni fupi, basi mimi nimeiweka imelala kawaida juu ya 14, kama kofia ya mstari. Shingo ya msomaji inapumzika.

Ufunguo, hapa ndipo nilipoharibu

Mara ya kwanza nilifunika "Wastani wa mwezi" nikaandika المتوسط الشهري palepale, nikafunika "Kilele cha mwaka" nikaandika أعلى منسوب في السنة palepale. Vialama vya rangi sikuvigusa. Nikatuma, nikajiona nimemaliza.

Jioni kaka ananipigia. "Mmisri anauliza, inakuwaje wastani uko juu ya kilele?"

Nikaifungua nikaitazama dakika nzima sioni kosa. Maneno sahihi, rangi zipo. Halafu nikaisoma kama anavyoisoma yeye, toka kulia, ndio nikaona. Kwetu alama inatangulia halafu neno linafuata, na kutangulia kwetu ni kushoto. Kwake alama inatangulia pia, ila kutangulia kwake ni kulia. Sasa kwenye mstari ule mmoja, toka kushoto, kulikuwa na kimstari cha bluu, neno la wastani, kidoti chekundu, neno la kilele. Kwa jicho lake kilicho mara moja kulia kwa neno la wastani ni kidoti chekundu. Akachukua wastani ni vyekundu, bluu ikabaki kuwa kilele. Na mimi nilizidisha tatizo, maana Kiarabu nilikipeleka upande wa kulia wa kiboksi kwa hiyo neno la wastani likaenda kukaa karibu kabisa na kidoti kisicho chake.

Tuna bahati wastani wa mwezi hauwezi kuzidi kilele cha mwaka huohuo, ndio maana alishtuka akauliza. Ingekuwa grafu ya samaki, sangara na dagaa, angechukua dagaa kuwa sangara na asingeuliza mtu.

Dawa yake ni hii. Kila alama ihamie kulia kwa neno lake. Usichore alama mpya kwa rangi ya kubuni, ikate kwenye picha yenyewe: nakili picha, ipunguze kwa Crop mpaka kibaki kialama tu, kisha kipeleke mahali pake. Hivyo rangi inakuwa ileile ya ukutani yenye mwanga uleule, msomaji hapati mashaka kama bluu hii ni bluu ile. Halafu panga upya toka kulia, cha kwanza kiwe cha kwanza: bluu na neno lake upande wa kulia kabisa, nyekundu na neno lake vifuate kushoto. Na baina ya jozi na jozi acha nafasi kubwa, angalau mara tatu ya nafasi iliyoko baina ya alama na neno lake.

Kama pana nafasi, achana na mstari mmoja kabisa, weka moja juu nyingine chini. Kila mstari ukiwa na alama moja hakuna wa kuichanganya na jirani. Mara ya pili mimi nilifanya hivyo.

Maelezo ya chini na tabia za namba

Namba ndani ya Kiarabu zinasomwa kushoto kwenda kulia kama zetu, kwa hiyo 13.42 na 1964 ukiziandika zinakaa vizuri zenyewe. Shida zinatoka sehemu tatu.

Ya kwanza ni kibodi. Ukiweka kibodi ya Kiarabu kwenye simu inaweza kukuandikia ٢٠٢٠ badala ya 2020. Mmisri hizo ndizo za kwao na anazisoma, lakini kwenye mchoro ziko 2020 na wewe umeambiwa namba zibaki, na kuchanganya ni hatari kweli: sifuri yao ni kinukta ٠ na tano yao ٥ inafanana na sifuri yetu. Kwenye namba yenye desimali hapo ni ajali. Andika namba kwa kibodi ya kawaida. Kwenye Word kuna mpangilio unaoitwa Numeral, chagua Arabic, jina linachanganya lakini Arabic pale ndio 0 1 2 3, zile nyingine wameziita Hindi.

Ya pili ni kistari cha "1960-2020". Ukiiandika katikati ya maneno ya Kiarabu kompyuta inazipanga upya, 1960 inahamia kulia na 2020 inakaa kushoto. Kuna msomaji atakayeisoma toka kulia aipate sawa, na kuna mwingine ataisoma toka kushoto aone miaka inarudi nyuma. Usibishane na kompyuta, ondoa kistari kabisa uandike kwa maneno, من 1960 إلى 2020. Hakuna njia mbili za kuisoma.

Ya tatu hatukuwa nayo kwenye grafu hii ila itakukuta, alama ya kutoa. Ukiandika -0.5 baada ya neno la Kiarabu, kale kakistari kanarukia kulia kwa namba, na mtu anaweza kukaona kama mkia wa neno lililotangulia badala ya hasi. Pale weka alama isiyoonekana inayoitwa LRM kabla ya kistari. Kwenye Word ya Windows andika 200E kisha bonyeza Alt na X pamoja, halafu ndio uandike -0.5.

Maelezo yangu ya mwisho yakawa haya:

```
الشكل 3. منسوب مياه بحيرة فيكتوريا عند مقياس جينجا من 1960 إلى 2020.
القمة اليسرى: مايو 1964 (13.41)، والقمة اليمنى: مايو 2020 (13.42).
```

Angalia mkato wa Kiarabu ، umegeuka kichwa chini tofauti na wa kwetu, tumia huo kwenye maneno. Ndani ya namba nukta inabaki nukta ileile iliyoko kwenye bango.

Chini yake niliongeza mstari mmoja mdogo, wa kwangu si wa bango, nikauweka kwenye mabano ya mraba ajue ni wa mfasiri:

```
[السنوات مرتبة من اليسار إلى اليمين كما في الأصل]
```

Maana yake miaka imepangwa toka kushoto kwenda kulia kama ilivyo kwenye bango. Injinia pengine haihitaji, ila picha ikitoka kwake ikaenda kwa mwandishi wa habari au mwanafunzi, inakaa nayo.

Kabla hujatuma

Chukua lile daftari lako la namba. Fungua picha mpya na soma kila namba moja moja uweke tiki, hata zile ambazo una uhakika hukuzigusa, maana kiboksi kinaweza kufunika nusu ya 10 usione. Kisha weka kidole kwenye kila alama ya ufunguo, nenda kushoto kwake, soma neno, uende kwenye mchoro uangalie kama rangi ni hiyo.

Toa kama picha ya PNG ili fonti zisibadilike kwenye kompyuta ya mwenzio. Ukituma faili lenyewe la PowerPoint na yeye hana ile fonti, kila ulichopanga kinahama. Kwa WhatsApp itume kama dokumenti, ukiituma kama picha inabanwa na nukta za herufi za Kiarabu ndio zinaanza kufutika, na nukta moja ikipotea ب inakuwa kitu kingine. Pamoja nayo tuma ile picha ya kwanza yenye Kiswahili, akitilia shaka jambo aweze kulinganisha mwenyewe.

Mara ya pili nilimwambia kaka asiulize "umeielewa?", maana mtu yeyote atasema ndiyo. Nikamwambia muombe atuambie vitu vitatu kwa maneno yake, vyekundu ni nini, kilele cha kushoto ni cha lini na cha kulia kimezidi kwa kiasi gani. Jibu likaja kabla ya magharibi: vyekundu ni kimo kikubwa kabisa cha kila mwaka, cha kushoto Mei 1964, na cha kulia kimezidi kwa sentimita moja.